Taarifa kwa wateja: acheni kula siagi yetu ya karanga, bechi namba 17

Mikindani, Mtwara, Juni 12, 2025

Ndugu wateja,

Kama nyumbani una kopo letu la gramu 400 lenye mfuniko mwekundu, ligeuze uangalie kitako. Likiwa limeandikwa bechi namba 17, usile na usimkorogee mtoto kwenye uji. Usiwape kuku pia, maana sumu hii huwadhuru na wao. Bechi nyingine hazihusiki.

Jana jioni tulipokea majibu ya maabara: bechi hiyo ina sumukuvu mikrogramu 23 kwa kilo, wakati kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni 10. Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye karanga zenye unyevu. Huwezi kuitambua kwa harufu wala ladha, na kupika hakuimalizi. Anayeila kwa muda mrefu huharibika ini.

Kama umeshakula, usisubiri dalili ili uache. Ukiona macho yamekuwa ya manjano, unatapika au tumbo linajaa, nenda hospitali au zahanati na kopo lako mkononi. Mtoto mdogo aliyekuwa akila kila siku apelekwe hata kama anacheza vizuri.

Rudisha kopo duka lolote linalouza bidhaa zetu Mtwara mjini, Mikindani, Masasi au Lindi mjini. Utarudishiwa shilingi 4,500 zako hapohapo, hata kama limebaki nusu, hata kama huna risiti. Wenye maduka, toeni makopo kwenye rafu leo. Fedha mtakazowarudishia wateja tutawatumia kwa simu siku hiyohiyo.

Tulitengeneza makopo 640. Kati ya hayo, 212 yako stoo kwetu, yamefungiwa. Yaliyobaki, 428, yalikwenda madukani, na hapo ndipo penye kosa letu: tulipeleka sampuli maabara, kisha tukauza kabla majibu hayajarudi kwa sababu maduka yalikuwa yanadai mzigo. Kipima unyevu nacho kilikuwa kimeharibika, tukapokea karanga kwa kuzitafuna tu na kusema zimekauka. Wakulima walioziuza wasilaumiwe. Kupima ni kazi yetu, na nyie mlilipia mkiamini tumeifanya.

Tunaomba radhi, hasa kwa kina mama walionunua kwa ajili ya watoto.

Uzalishaji tumeusimamisha tangu jana usiku, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tumelijulisha. Hatutawasha mashine mpaka kipima unyevu kipya kifike, na kuanzia sasa hakuna kopo litakalotoka stoo bila majibu ya maabara. Juni 19 tutabandika kwenye maduka yote idadi ya makopo yaliyorudi, hata ikiwa ndogo.

Namba ya simu iliyo kwenye lebo inapokelewa saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Anayepokea ni mimi mwenyewe.

Mwenyekiti,
Kikundi cha wanawake wasindikaji wa karanga, Mikindani