Picha ya studio: watu watano, nyeusi na nyeupe

Chapa ya karatasi, sentimita 9 kwa 14. Kona ya juu kulia imekatika. Nyuma yao pazia lililochorwa nguzo na minazi, upindo wake ukionekana sakafuni, kwa hiyo si bustani. Mwanamume wa makamo ameketi: kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia ya viua. Mwanamke aliyesimama amevaa kanga za doti moja. Mikunjo imeficha jina la kanga hizo. Rangi zisikisiwe: baadhi ya filamu za zamani ziliutoa wekundu kama weusi. Watoto watatu, wawili miguu mitupu. Mdogo alitikisika, uso umefifia. Mgongoni mwa chapa hakuna maandishi. Majina, undugu na mwaka: havijulikani.