Duka lilifungwa, sistimu ikabaki inalipwa

Anko yangu alikuwa na hadiwea Kayole, upande wa Masimba, ndogo tu ya misumari, simiti, rangi na paipu. Alifunga mwisho wa 2024. Lendilodi alikuwa ameongeza renti, halafu ng'ambo ya barabara wakafungua hadiwea mbili kubwa, na hao wanakuletea mzigo hadi kwa saiti bure, sasa wewe na mkokoteni wako utashindana nao vipi. Stoku akamuuzia jamaa wa Njiru kwa bei ya kutupa, mizani ikaenda, shelfu zikaenda, ile printa ya risiti ikachukuliwa na mtu wa kinyozi na hadi leo sijui anaitumia na nini.

Kitu moja tu hakikuenda, na ni anti aliigundua. Alikuwa anapitia stetimenti ya M-Pesa ya anko (usiulize kwa nini) akaona kila tarehe tano elfu mbili inaenda kwa peibili fulani, mwezi baada ya mwezi. Akajua amepata mpango wa kando. Nikaitwa kama shahidi. Kumbe ni ile softiwea ya kuuzia, ile alikuwa anapigia hesabu kaunta.

Nikamuuliza, anko, unalipia sistimu ya duka gani na hakuna duka? Akasema KRA. Ati sheria inasema uweke rekodi za biashara miaka 5, na yeye tangu 2024 risiti zake zote alikuwa anazitoa kwa eTIMS ya KRA kupitia hiyo sistimu, akiacha kulipa wakikuja kuuliza ataonyesha nini. Nikamwambia miaka 5 ni kweli, lakini sheria inataka rekodi, haijasema ulipe kampuni ya softiwea ndio ukae nazo. Unapakua kila kitu, unaweka kwa flashi mbili, unaprinti zile za maana, umemaliza. Na ritani ya nil bado atafaili kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, hiyo haijali kama duka ina mlango ama haina.

Tukapakua. Mauzo yakatoka sawa, manunuzi sawa, halafu tukafika kwa wateja wa deni na hapo ndio nikaelewa mzee. Faili ilitoka na jina, namba ya simu na balansi, basi. Lakini ndani ya sistimu kila mteja ana mahali pa maelezo na anko alikuwa amejaza hapo miaka yote: "Fundi wa tailsi wa Soweto, analipa akimaliza kazi ya Ruai." "Mama ploti ya kijani, asipigiwe kwanza, amefiwa." "Huyu usimpe hata msumari." Hayo yote hayakutoka. Nikapigia watu wa kampuni, kijana mpole sana, akasema maelezo hayapakuliwi, na akaunti isipolipwa siku 30 inafutwa. Yaani umeandika mwenyewe kwa vidole vyako halafu unakodishiwa uyasome! Hiyo iliniuma kuliko elfu mbili yenyewe.

Basi Jumapili tukakaa na binamu tukanakili mteja mmoja mmoja kwa kaunta buku, ile kubwa, anti akituletea chai sasa kwa vile moyo umetulia. Deni yote ilikuwa kama laki na nusu hivi. Kazi ikaisha, anko akashukuru, akasema mwezi ujao halipi.

Tarehe tano akalipa.

Anti akanipigia, safari hii hata salamu hakuna. Nikaenda. Anko akanyamaza kidogo kisha akatoa simu. Kumbe ile sistimu inawatumia wenye deni meseji kila mwisho wa mwezi, na meseji inaingia ikiwa na jina la duka, si namba yake. "Mama, nikiwapigia na laini yangu wanajua nimefunga, ananiambia mzee tutaonana. Lakini akiona jina la duka anajua duka iko, na kesho anaweza taka simiti kwa mkopo. Analipa." Akanionyesha, mwaka huo walikuwa wamelipa kama elfu arobaini na kitu. Toa elfu mbili mara 12. Sikuwa na la kusema, hesabu inamtetea, ingawa bado naona ile kampuni ingempa bei ya chini ya mtu asiyeuza kitu.

Ila hapo kwa asiyeuza kitu pia siwezi kuapa. Juzi mmoja alilipa deni yote halafu akauliza mifuko 3 ya simiti ni ngapi. Anko akamtajia bei, akavuka barabara akanunua kwa wale wale waliomfungisha, akampelekea na mkokoteni wa kuazima. Sasa anti anauliza hiyo faida ya shilingi 150 iko wapi.