Swali la 4: Murabaha ya mashine ya boti (alama 30)

Soma maelezo yafuatayo, kisha jibu sehemu (a) hadi (d). Onyesha hatua zote za hesabu. Kikokotoo kinaruhusiwa.

Haji ni nahodha wa Mkokotoni, Unguja. Mashine ya boti yake imechakaa na anataka nyingine ya nguvu farasi 40. Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, alikwenda kwenye benki ya Kiislamu mjini, akajaza ombi, akasaini ahadi ya kununua na kuweka Sh. 3,000,000 kama amana ya kuonyesha nia. Walikubaliana kwamba mkataba ukifungwa, fedha hizo zitahesabiwa kuwa malipo ya mwanzo.

Jumatano, tarehe 5, benki ilinunua mashine taslimu kwa muuzaji wa Dar es Salaam. Bei ya dukani ilikuwa Sh. 15,000,000, na muuzaji akaipunguzia benki Sh. 600,000. Benki ilimlipa msafirishaji Sh. 420,000 kuileta hadi bandari ya Malindi, na ikalipa Sh. 180,000 za takafuli ya safari. Mfanyakazi wa benki aliyeshughulikia faili hili alilipwa Sh. 200,000 za saa za ziada. Mashine ilipokelewa bandarini na mkataba wa mauziano ukasainiwa Jumatatu, tarehe 10.

Faida iliyokubaliwa ilikokotolewa kwa asilimia 10 kwa mwaka, kwa miaka 2, juu ya gharama ya mashine baada ya kutoa malipo ya mwanzo. Deni linalipwa kwa miezi 24, kiasi sawa kila mwezi.

(a) Kokotoa gharama ya mashine kwa benki, faida ya murabaha, bei ya mauzo na malipo ya kila mwezi. Eleza ni kiasi gani hakikupaswa kuingizwa kwenye gharama, na kwa nini. (alama 9)

(b) Benki nyingine ya mjini ilikuwa tayari kumkopesha Haji Sh. 12,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka juu ya mkopo wote wa awali, kwa miezi 24. Mwanawe akamwambia: "Baba, hesabu ni ile ile. Wamebadilisha jina tu." Kwa kutumia hesabu, mjibu kijana huyu. Jibu lako liguse mambo mawili: mashine kuzama njiani tarehe 6 Februari, na Haji kushindwa kulipa malipo ya mwezi wa 13, 14 na 15 hadi siku ya malipo ya mwezi wa 16. Mkataba wa mkopo unatoza asilimia 2 kwa kila mwezi wa kuchelewa juu ya kila malipo yaliyochelewa, bila kulimbikiza. (alama 12)

(c) Tuseme afisa alimwonea huruma Haji asisafiri tena kutoka Mkokotoni, akamsainisha mkataba wa mauziano siku ile ile ya tarehe 3. Toa hukumu ya mkataba huo. (alama 5)

(d) Baada ya kulipa mwezi wa 18, Haji anataka kumaliza deni lote na anaomba apunguziwe. Benki ifanye nini? (alama 4)

MWONGOZO WA USAHIHISHAJI

(a) Gharama: 15,000,000 − 600,000 + 420,000 + 180,000 = Sh. 15,000,000. Punguzo la muuzaji lazima lishushe gharama. Murabaha ni biashara ya uaminifu: muuzaji anasema "nimenunua kwa kiasi hiki, naongeza kiasi hiki," na mnunuzi anamwamini. Anayeficha punguzo amesema uongo juu ya mtaji. Usafiri na takafuli vinaingia kwa sababu vimelipwa kwa watu wa nje kwa ajili ya bidhaa yenyewe. Sh. 200,000 za saa za ziada haziingii, kwani kazi ya wafanyakazi wa benki hufidiwa na faida.

Faida: (15,000,000 − 3,000,000) × 10% × 2 = Sh. 2,400,000. Bei ya mauzo: Sh. 17,400,000. Deni baada ya malipo ya mwanzo: Sh. 14,400,000. Kwa mwezi: Sh. 600,000. Aliyeingiza zile 200,000 lakini akafuata hatua sahihi apewe alama za hatua. Mkataba uandike faida kama kiasi cha fedha. Asilimia imetumika kufikia kiasi hicho tu.

(b) Hapa ndipo mtahiniwa mzuri anapoonekana. Mkopo: 12,000,000 + 2,400,000 = Sh. 14,400,000, yaani Sh. 600,000 kwa mwezi. Kijana amepatia hesabu. Mtahiniwa akiri hivyo waziwazi. Anayelazimisha murabaha ionekane nafuu asipewe alama za sehemu hiyo. Aliyeongeza kwamba riba ya asilimia 10 juu ya salio linalopungua ingekuwa nafuu zaidi (takribani Sh. 553,700 kwa mwezi) apewe alama 1 ya ziada, maana ameelewa kwamba hoja yetu haisimami juu ya unafuu.

Mashine ikizama tarehe 6: kwenye murabaha ilikuwa bado mali ya benki. Hasara ni ya benki, nayo ndiyo itakayodai takafuli. Haji hana deni na anarudishiwa Sh. 3,000,000 zake zote. Kwenye mkopo, Haji ndiye angekuwa amenunua mashine kwa fedha za kukopa. Mashine iko chini ya bahari, na mwezi ukiisha anadaiwa 600,000 kama kawaida. Benki ya kwanza inastahili faida kwa sababu ilimiliki kitu na kubeba hatari yake, hata kama ni kwa siku 5. Ya pili imekodisha fedha. Aya ya 275 ya Suratul Baqara, inayohalalisha biashara na kuharamisha riba, iliteremka kuwajibu waliosema maneno ya kijana huyu: biashara ni kama riba tu. Anayeitaja aya aiunganishe na hoja. Kuinukuu peke yake hakuna alama.

Kuchelewa: malipo ya mwezi wa 13 yamechelewa miezi 3, ya 14 miezi 2, ya 15 mwezi 1. Jumla miezi 6 × 2% × 600,000 = Sh. 72,000. Mkopaji anadaiwa 1,800,000 + 600,000 + 72,000 = Sh. 2,472,000. Mnunuzi wa murabaha anadaiwa Sh. 2,400,000, bei ikishafungwa haipandi. Kama aliahidi kwenye mkataba kutoa sadaka akichelewa makusudi, fedha hiyo iende kwa wahitaji na isiguse mapato ya benki. Ikiwa Haji hana uwezo kweli, apewe muda.

(c) Mkataba ni batili. Tarehe 3 mashine ilikuwa ya muuzaji wa Dar es Salaam, na Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Kiwango cha Sharia Na. 8 cha AAOIFI kinataka benki imiliki na kukabidhiwa bidhaa, wenyewe au kihukumu, kabla ya kuuza. Huruma ya afisa haibadilishi hukumu: imeondoa siku zile ambazo benki ilipaswa kuishika hatari, na kilichobaki ni fedha kwa fedha zaidi. Dawa ni kufunga mkataba mpya baada ya kukabidhiwa, si kurudisha tarehe nyuma. Anayependekeza kurudisha tarehe apate sifuri kwenye sehemu hii yote.

(d) Yamebaki malipo 6, Sh. 3,600,000, ambayo ndani yake faida ni 6 × 100,000 = Sh. 600,000. Benki inaweza kusamehe yote au sehemu kwa hiari yake, ila punguzo lisiwe sharti la mkataba. Haji akiomba na benki ikakataa, analipa 3,600,000. Kubali jibu lolote la kiasi cha msamaha kisichozidi 600,000, mradi mtahiniwa ameandika neno "hiari" na ameeleza maana yake.