Barua kwa Bibi: Heri ya Miaka 80

Shikamoo Bibi.

Ni mimi, mke mwenza wako wa Morogoro.

Barua hii ni yako. Isome mwenyewe. Asikusomee mtu.

Vaa miwani kwanza. Kaa barazani, penye mwanga. Nimeandika kwa herufi kubwa. Karatasi ni sita. Si lazima uzimalize leo. Ukichoka, ziweke. Kesho utaendelea.

Karatasi ya 1

Bibi, heri ya siku ya kuzaliwa!

Leo ni Jumapili, tarehe 12 Julai 2026. Umetimiza miaka 80.

Ulizaliwa mwaka 1946. Tunajua kwa sababu ya cheti chako cha ubatizo. Kile cha sandukuni, kwenye mfuko wa nailoni. Wazee wengi wa rika lako hawaijui tarehe yao. Wewe unaijua. Namshukuru aliyeiandika.

Hongera sana, Bibi yangu. Hongera kwa kuishi. Hongera kwa kutulea.

Nilitaka kuja. Shule zimefunguliwa, nina watoto darasani. Siwezi kuwaacha. Roho inaniuma, lakini kaka amekuja. Mkumbatie sana. Nusu yake ni yangu.

Karatasi ya 2

Fungua mzigo sasa.

Kuna sweta. Ni la bluu, ndiyo rangi yako. Lina vifungo mbele, halivaliwi kwa kupitisha kichwani. Mlalo mwezi huu ni baridi kali. Ukungu unaingia hadi jikoni. Livae asubuhi na jioni. Usilifiche sandukuni ukisubiri Krismasi! Nakujua, Bibi. Lile la zamani mpe mtu.

Kuna kanga doti moja. Imeandikwa "Nani kama mama". Nilizunguka soko zima kuitafuta. Moja jifunge, moja jitande.

Kuna soksi za sufu. Kuna dawa ya kuchua magoti. Shangazi akuchue usiku, kabla hujalala.

Kuna sukari kilo mbili na majani ya chai. Najua chai ya huko mnalima wenyewe. Hii ni ya kukupumzisha tu.

Na kuna picha. Huyo mtoto ni kitukuu chako. Ameanza kutembea. Paji la uso ni lako kabisa, kila mtu anasema. Nyuma ya picha nimeandika jina lake. Lisome.

Karatasi ya 3

Karatasi hii ni ndefu kidogo. Pumzika kwanza kama umechoka.

Bibi, nataka kukushukuru kwa jambo moja. Sijawahi kukuambia vizuri.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma.

Nilikuwa sijaanza shule. Ulikuwa unachekecha unga jikoni. Ukachukua ungo. Ukautandaza unga mwembamba. Ukaandika kwa kidole: a. Ukasema, "Hii ni a. Andika." Nikaandika. Ukautikisa ungo, a ikafutika. Ukaandika e.

Hatukuwa na daftari wala kalamu. Ungo ndio ulikuwa ubao wetu. Kila jioni ilikuwa hivyo. Ukimaliza somo, unga ule ule unapika ugali.

Tulipofika kwenye ba, be, bi, bo, bu, ulinifundisha kuandika "baba". Halafu "babu". Babu alikuwa amekaa pale kwenye kigoda. Ukamwita aje aone. Akainama, akatazama ungo. Akasema, "Mchumba wangu ameniandika!" Alicheka mpaka akakohoa.

Mungu amlaze pema Babu yetu. Najua leo unamkumbuka. Hata mimi.

Nilipoingia darasa la kwanza, nilikuwa tayari najua kusoma. Mwalimu akauliza, "Nani kakufundisha?" Nikasema, "Bibi." Hakuamini.

Sasa mimi ni mwalimu. Nafundisha darasa la kwanza. Watoto ni wengi, madaftari hayatoshi. Basi nimeleta ungo darasani. Nimetia mchanga mkavu mlaini. Mtoto anaandika kwa kidole, anatikisa, anaandika tena. Hata yule anayeogopa kalamu anaandika. Anajua akikosea, kosa linafutika.

Mwalimu mkuu aliuliza, "Hii umesoma chuo gani?" Nikamwambia, "Nimefundishwa na Bibi yangu, Mlalo."

Karatasi ya 4

Na wewe ulijifunza wapi? Ngumbaru!

Ulinisimulia, nami nakumbuka. Mwalimu Nyerere alisema mwaka 1970 uwe mwaka wa elimu ya watu wazima. Watu wakaitwa wakasome. Wewe ukaenda. Asubuhi shambani, mchana kuni na maji, saa kumi kisomo. Baba ulikuwa umembeba mgongoni. Akilia unasimama, unambembeleza, huku macho yako yako ubaoni.

Wapo waliosema mwanamke akisoma hatapika. Wewe ulisoma, na ulipika.

Kabla ya hapo, ukiuza kahawa ulikuwa unatia dole gumba. Kidole kinakuwa cheusi kwa wino. Ulisema wino ule ulikutia aibu hadi nyumbani. Siku moja karani akasukuma kile kidau cha wino. Ukasema, "Nipe kalamu." Ukaandika jina lako polepole. Watu wa foleni wakanyamaza.

Hapo ndipo ninapokupenda zaidi, Bibi. Sijui kama naweza kueleza. Nikiwa nimechoka, nikiona kazi ni nzito, nakumbuka neno lako: "Nipe kalamu."

Halafu ile redio. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Mlikaa kwenye kikundi, mkasikiliza redio pamoja. Redio ilisema chimbeni choo. Mkachimba. Ilisema chemsheni maji ya kunywa. Mkachemsha. Wewe hujaacha mpaka leo. Sisi watoto tulikuwa tunalalamika maji yana harufu ya moshi. Lakini nyumbani kwako hatukuumwa tumbo la kuhara ovyo. Sasa nina mtoto, ndiyo naelewa. Nami nachemsha.

Karatasi ya 5

Hii ni fupi. Ni mambo ya simu.

Nimekutumia shilingi 50,000 kwa simu. Ni za nyama, soda na mchele wa leo. Zikibaki, ni zako. Usimgawie kila mtu. Jinunulie unachotaka wewe.

Namba yako ya siri usimpe mtu. Hata akisema anatoka kampuni ya simu. Usimpe.

Ukiona ujumbe umeandikwa "ile hela tuma kwa namba hii", usitume. Huyo ni tapeli. Sisi tukitaka kitu, tutakupigia na utasikia sauti zetu.

Mtu usiyemjua akipiga na kusema ametuma hela kwako kimakosa, kata simu. Mwite Shangazi.

Leo jioni saa moja nitakupigia. Simu iwe na chaji. Nitaimba na watoto wa hapa nyumbani. Wanajifunza wimbo tangu juzi, wamepiga kelele hadi majirani wanaujua.

Karatasi ya 6

Bibi, magoti yakikuuma usikae kimya. Mwambie Shangazi. Nenda zahanati. Usiseme "ni uzee tu". Vidonge vya presha meza kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Hasa siku hiyo. Kaka atahakikisha viko vya mwezi mzima.

Kuni usibebe tena. Tafadhali. Nimeongea na Baba Mdogo, ataleta. Asipoleta, nipigie mimi. Nitamsema mimi, wewe usigombane naye.

Shamba la chini wape vijana walime. Wewe baki na bustani ya karibu na nyumba. Mboga zako, maharage yako na mti wako wa mapeasi. Najua huwezi kukaa bure. Hakuna anayekuambia ukae bure. Ila ule mteremko, Bibi, hapana. Mvua ikinyesha unateleza hata kwa kijana.

Kuku leo wasichinje jogoo mwekundu. Huyo ni saa yako. Wachinje wale wadogo.

Nakuja Desemba, shule zikifungwa. Nitapanda basi la asubuhi. Nitapita Segera, nitapita Mombo, nitapanda milima kwa zile kona zote. Nikifika Soni nitakununulia ndizi. Nitakaa nawe mpaka Mwaka Mpya. Nitamleta huyo wa kwenye picha. Nataka umfundishe a kwenye ungo wako. Ni mdogo bado, najua. Ashike unga tu, aumwage. Nataka aanzie kwako.

Nina ombi. Nijibu kwa mkono wako. Mistari miwili inatosha. Kalamu na karatasi vimo ndani ya bahasha. Mpe kaka aniletee. Niambie sweta limekutosha au limebana. Niambie mmekula nini leo. Barua zako zote ninazo. Hata ile uliyoniandikia nikiwa bweni, uliyosema "Soma, usiogope, mimi nipo." Nimeitia kwenye fremu. Iko ukutani, juu ya meza ninayofanyia kazi.

Mungu akupe afya, Bibi. Akupe usingizi mzuri. Akulinde na baridi. Mimi na mume wangu tunakuombea kila usiku, na mtoto anaitikia "amina" kabla hatujamaliza.

Nisalimie Shangazi. Mwambie asante kwa kukutunza. Zawadi yake ni kile kitambaa cha kijani, asidhani nimemsahau.

Nisalimie Baba Mdogo na watoto wake. Nisalimie mama mchungaji na wenzako wote wa kwaya. Nisalimie jirani wa juu, yule tuliyekuwa tunachota maji kwake.

Nakupenda sana, Bibi.

Mjukuu wako,
mke mwenza wako wa Morogoro

Saa moja jioni, simu. Usisahau!