Karani wa Mizani

Bi Rukia, meneja wa kampuni inayonunua mwani mjini Wete, alikuwa amebakiwa na waombaji wawili wa ukarani wa ghala, na hadi adhuhuri moyo wake ulimwelemea wa kwanza. Wasifu wake ulichapishwa kwa rangi kwenye karatasi nzito, picha ikiwa pembeni, na chini ya picha michoro ya ujuzi: uongozi asilimia 95, uadilifu asilimia 100. Wa pili, kijana wa Tumbe, aliandika ukurasa mmoja usio na pambo, na neno "stakabadhi" alilikosea mara mbili.

"Uadilifu asilimia mia," alisema Mzee Faki, mhasibu, akichungulia. "Nani aliyempimia, Bi Rukia?"

Hakumjibu. Alisoma upya, akitia alama ya penseli kila palipokuwa na jambo linaloweza kuulizwa kwa mtu mwingine. Kwa wa kwanza alipata alama mbili tu, stashahada na jina la mwajiri; yaliyobaki yalikuwa majukumu, na majukumu hata mvivu hupewa. Ukurasa wa kijana ulijaa alama:

"Ghala la ushirika, 2021 hadi 2023. Mwani ulipungua uzito kati ya mizani ya kununulia na mizani ya bandarini. Nikaanza kupima upya gunia moja katika kila kumi kabla ya kushona. Upungufu wa mwezi ulishuka kutoka kilo 410 hadi kilo 120. Hizo 120 sijui zilikwenda wapi. Daftari analo katibu."

Sentensi ya kabla ya mwisho ndiyo iliyomsimamisha. Mwani uliokauka nusu huendelea kupoteza maji gunini, na mtu anayetaka kujipamba angelisingizia jua, akaeleweka.

Alimpigia simu katibu, ambaye alimtumia picha ya ukurasa wa daftari: majina ya wakulima, wengi wao wanawake, kilo, makato ya mchanga, alama za dole gumba, na tarakimu moja iliyokatwa kwa mstari mmoja ili ya zamani iendelee kusomeka.

"Kupima upya ni fikra yake," alisema katibu. "Kukata kwa mstari mmoja nilimfunza mimi."

Haki ilidai ampigie na wa kwanza. Alipomwuliza ni kosa gani aliwahi kuligundua kazini, mwombaji huyo alisita, kisha akaeleza jinsi alivyobaini kwamba mchele wa hoteli ulipokelewa kwa hesabu ya magunia bila kupimwa, hata akaomba mizani iwekwe mlangoni.

"Mbona hukuliandika?"

"Niliona ni jambo dogo, Bi."

Bi Rukia aliweka simu chini, akamgeukia Mzee Faki.

"Jumatatu waje wote wawili. Wape mizani, daftari tupu na magunia kumi. Moja tulitie mchanga, tusiwaambie lipi."