Mwongozo wa Keshia Mpya: Kuingiza Oda, Kupokea Malipo na Kurekebisha Makosa

Karibu kaunta. Mwongozo huu ni wa keshia wapya wa mgahawa wetu wa Sinza, na umeandikwa na msimamizi wa zamu ya mchana. Usome wote kabla ya zamu yako ya kwanza. Nakala nyingine ipo kwenye faili la kijani chini ya kaunta, ili usilazimike kukariri.

Kila oda inaacha alama sehemu tatu: jikoni, kwenye sistimu na kwenye pesa. Chakula kilichotoka lazima kiwe ndicho kilichoandikwa, na kilichoandikwa kiwe ndicho kilicholipiwa, kwa njia ileile iliyoandikwa. Karibu kila kosa tunalolihangaikia usiku ni moja ya hizo tatu kupishana na nyingine.

Kabla ya kufungua

Ingia kwa namba yako ya siri, siyo ya mwenzako, hata kama yeye ameacha skrini wazi na foleni ni ndefu. Bili inayofunguliwa kwa jina lake ni yake, na upungufu utakuwa wake pia. Hesabu pesa ya kuanzia mbele ya msimamizi. Inatakiwa iwe 50,000, na nyingi ziwe noti za 1,000 na 2,000 pamoja na sarafu. Ukikabidhiwa noti tano za 10,000, zikatae palepale, maana mteja wa kwanza wa supu na chapati atakukwamisha kwenye chenji.

Kuingiza oda

Uliza kwanza: "Unakula hapa au tukufungie?" Ukisahau, jikoni watapakua kwenye sahani na mteja ana bodaboda inamsubiri nje. Kama wamekuja kundi, uliza pia kama bili ni moja au kila mtu anajilipia. Kugawa bili mwanzoni ni kugusa mara moja. Kuigawa baada ya watu sita kumaliza kula, wakibishana nani alikunywa soda mbili, ni robo saa.

Gusa chakula, kisha idadi. Usiandike idadi kwenye sehemu ya maelezo. Hili nalirudia kila anapokuja mtu mpya, kwa sababu ndilo linalotupotezea pesa kimyakimya. Mteja anaagiza chipsi kuku mbili, keshia anagusa chipsi kuku mara moja, halafu kwenye maelezo anaandika "ziwe 2". Mpishi anasoma karatasi, anatoa sahani mbili. Sistimu inatoza moja, 6,500. Mteja analipa alichoonyeshwa na kuondoka zake, na droo inafunga sawasawa kabisa. Kuku ndio wanaopungua, na tunagundua wiki nzima baadaye tukihesabu stoo.

Sehemu ya maelezo ni ya vitu visivyo na bei: bila pilipili, kachumbari pembeni, chapati isikaushwe sana. Chochote chenye bei kina kitufe chake. Yai la ziada ni 500 na lina kitufe chini ya NYONGEZA. Mteja wa kila siku akikuambia, "Dada, niongezee yai, tutaelewana," mjibu kwa upole kwamba sistimu haikubali. Ni kweli, haikubali.

Kabla hujagusa TUMA JIKONI, msomee mteja oda yake kwa sauti: "Chipsi kuku mbili, moja bila pilipili, soda mbili, mnakula hapa. Elfu kumi na tano." Mpaka hapo kosa lolote linafutika bila gharama. Baada ya hapo kuna mtu ameshaweka mafuta jikoni.

Pesa taslimu

Taja ulichopokea: "Nimepokea elfu ishirini." Kisha iache noti juu ya droo, mbele ya macho yenu wote wawili, mpaka mteja ahesabu chenji yake na kuridhika. Ukishaichanganya na nyingine, kisha akasema, "Mbona nilikupa elfu hamsini?", huna ushahidi. Ikitokea hivyo usibishane wala usilipe. Mwite msimamizi, droo ihesabiwe palepale.

Ukikosa chenji, usimpe mteja pipi badala ya pesa yake, wala usimwambie apitie kesho. Omba chenji kwa msimamizi.

Malipo ya simu

Wateja wetu wengi wanalipia kwenye Lipa Namba iliyobandikwa kaunta, wakiwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa. Sheria ni moja: tunaamini ujumbe ulioingia kwenye simu ya kaunta. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja hatuutumii kama uthibitisho. Meseji ya kughushi ni rahisi kutengeneza, na ya jana ni rahisi zaidi kuonyesha leo. Angalia vitu vitatu: kiasi, saa, na namba ya muamala. Tarakimu nne za mwisho za muamala ziandike kwenye sistimu unapogusa SIMU. Hizo ndizo zitakazotusaidia usiku.

Ujumbe ukichelewa, mtandao una siku zake. Mwambie mteja, "Kaka, kaa kidogo tusubiri ujumbe uingie," na uendelee na anayefuata. Bili iache wazi. Usiifunge kwa ahadi.

Mteja akituma zaidi, kwa mfano bili ni 6,500 yeye katuma 65,000, usimrudishie tofauti kutoka kwenye droo hata akiwa na haraka ya kufa. Kuna watu hutuma kubwa makusudi, wakachukua taslimu, kisha wakapiga simu mtandao wao kuomba muamala urudishwe. Malipo yaliyozidi hurudishwa na msimamizi kwa njia ileile yaliyoingilia. Mteja aliyekosea kweli ataelewa ukimweleza vizuri.

Kadi

Kiasi unakiandika mwenyewe kwenye mashine, kwa hiyo kisome mara mbili na umwonyeshe mteja kabla hajaweka namba ya siri. Subiri neno APPROVED. Karatasi ikiisha katikati au mashine ikiganda, usimlipishe tena kwanza. Badilisha karatasi, angalia muamala wa mwisho, ndipo uamue.

Risiti

Kila malipo yanatoka na risiti ya EFD, iwe ni chai ya 500 au pilau ya harusi. Sheria ya kodi inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai, kwa hiyo "mteja hakuitaka" siyo sababu. Hakikisha kiasi kwenye risiti ni kile cha bili, kisha mkabidhi mkononi. Mashine ikigoma, mwite msimamizi mara moja. Usiendelee kuuza ukitegemea kuzitoa zote baadaye.

Ukikosea

Utakosea, hasa kati ya saa saba na saa nane mchana wakati foleni imefika mlangoni. Kinachotakiwa ni kujua umefika hatua gani, maana kila hatua ina dawa yake.

Hujatuma jikoni: gusa FUTA, ingiza upya. Huhitaji ruhusa ya mtu.

Umeshatuma ila hujapokea pesa: ita jikoni kwa sauti kwanza, kabla hujagusa skrini, ili mpishi asiendelee. Kisha gusa BATILISHA. Sistimu itadai namba ya msimamizi na sababu. Andika sababu inayoeleweka, kama "nilitaka wali nyama, nikagusa wali maharage." Neno "kosa" peke yake halitoshi, tunajua ni kosa. Chakula kikiwa kimeshapikwa, sahani irudi ionekane na msimamizi. Isiliwe nyuma ya friji.

Umepokea pesa lakini umechagua njia isiyo sahihi, mteja kalipa kwa simu wewe ukagusa TASLIMU: usibatilishe mauzo, kwa sababu mauzo ni halali. Mwambie msimamizi abadilishe njia ya malipo. Likiachwa, droo itaonekana imepungua na simu itaonekana imezidi kwa kiasi kilekile.

Umeandika vibaya kiasi ulichopokea. Bili ni 4,500, mteja katoa 5,000, wewe umeandika 50,000, skrini inakuambia rudisha 45,500. Tulia. Mauzo yamebaki 4,500 na hayajaharibika. Rudisha 500, endelea. Nimeshuhudia watu wakibatilisha bili nzima kwa jambo hili, wakaanza kutengeneza kosa la kweli.

Risiti ya EFD imeshatoka ikiwa na kosa: haifutiki, na usijaribu kuifuta kwa kutoa nyingine ya haraka. Ichukue kama mteja bado yupo, andika kwa nyuma kilichotokea, saa na jina lako, mpe msimamizi. Mhasibu ndiye anayejua namna ya kuirekebisha kwenye hesabu za kodi.

Kufunga zamu

Hesabu droo kabla hujaangalia sistimu inasemaje. Ukijua jibu mapema, vidole vitalitafuta.

Tuseme ulianza na 50,000 na sistimu inasema umeuza taslimu 412,500. Droo iwe na 462,500. Umehesabu mara mbili, unapata 449,500. Zimepungua 13,000. Usianze kushuku watu. Tafuta bili ya 13,000 kwanza, na hiyo ni chipsi kuku mbili. Kisha linganisha simu ya kaunta na sistimu. Kama simu imezidi 13,000, umelipata: ni bili ya simu iliyoandikwa taslimu, na tarakimu zile nne za muamala zitakuonyesha ambayo haikuandikwa popote.

Kwenye kadi kuna ujanja wa wahasibu wa zamani. Gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki, huenda tarakimu zimebadilishana nafasi au sifuri imeongezeka. Bili ya 7,500 ikiandikwa 5,700 kwenye mashine, tofauti ni 1,800. Sifuri ikizidi kwenye 4,500, tofauti ni 40,500. Zote zinagawanyika kwa 9. Si uthibitisho, lakini inakuambia uanze kutafuta wapi.

Pesa ikizidi, ripoti vilevile. Usiiweke pembeni ikusubiri siku droo itakapopungua. Iliyozidi kwa kawaida ni chenji ya mtu, na mara nyingine anarudi kuidai jioni hiyohiyo akiwa na risiti mkononi.

Baada ya hapo msimamizi anatoa ripoti ya Z kwenye mashine ya EFD, mnasaini wote wawili, pesa inaingia kwenye bahasha.

Wiki ya kwanza utakaa kaunta ya pili, pamoja na keshia mzoefu, kuanzia saa nne asubuhi kabla foleni haijaanza. Namba ya siri utapewa siku utakapofunga droo mwenyewe mbele yangu na hesabu ikakubali.