YAH: KUONDOA UKUTA ULIOVUKA MPAKA WA VIWANJA NA. 214 NA 215, KITALU C, FOREST MPYA, MBEYA

4 Agosti 2025

Baba Tumaini,
Kiwanja Na. 215

Salaam. Tarehe 28 Julai mpima ardhi alipima mpaka wetu kwa ramani ya upimaji, wewe ukiwepo. Ukuta wako wa tofali, urefu mita 18, umeingia kwangu mita 0.6 upande wa barabara na mita 1.1 upande wa mtaro: jumla mita za mraba 15.3. Fundi alivuta kamba kutoka kwenye mlingoti uliokatwa, si kwenye bikoni. Bikoni ya nyuma ipo, imefukiwa na kifusi cha msingi wako. Tafadhali isiguswe; ikisogezwa, hata majirani wa nyuma watapoteza kipimo.

Nakutaka ubomoe ukuta pamoja na msingi wake, uondoe kifusi na kuufungua mtaro kabla ya tarehe 25 Agosti 2025. Msingi ukibaki, mvua za Novemba zitaleta maji jikoni kwangu. Ukijenga upya, kamba ivutwe bikoni hadi bikoni, mpima akiwepo.

Fidia ya ardhi sitaipokea. Sitanyamaza pia, maana miaka 12 ya ukimya huua haki ya kudai. Siku hiyo ikipita nitapeleka shauri Baraza la Kata kwa usuluhishi; tukishindwana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nikidai na gharama.

Jirani yako,
Mama Upendo
Kiwanja Na. 214

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa